Gari Limeuzwa, Tangazo Bado Lipo

Kila Jumamosi asubuhi, yadi za magari za Kinondoni, Magomeni na Mwenge hupokea simu yenye swali lile lile. Mtu ameiona Toyota IST ya bluu mtandaoni usiku, ameipenda, amepiga hesabu ya akiba yake na ya shemeji atakayemwongezea, na sasa anataka kujua kama bado ipo.

"Aa, ile imetoka jana, bosi. Lakini wewe njoo, nina nyingine kali zaidi."

Mpigaji hana namna ya kujua kilichotokea. Inawezekana IST ilitoka jana kweli, na aliyepaswa kuishusha mtandaoni hajapata nafasi. Inawezekana pia ilitoka miezi mitatu iliyopita ikaachwa pale makusudi, iendelee kuvuta simu. Uzembe na chambo vina sura moja kwenye skrini. Ukienda Nairobi, kwenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road, malalamiko ni hayo hayo, magari tu ndiyo yanabadilika majina.

Kupandisha gari mtandaoni ni kazi ya nusu saa. Kulishusha kwa wakati wake ndiko kunakoonyesha kama yadi ina mfumo au ina albamu ya picha. Tuifuate basi IST moja ya mfano, tangu inaposhushwa kwenye lori la kubebea magari hadi tangazo lake linapoondoka, tuone ni wapi mambo huharibika.

Gari letu limetoka Japani, ni IST ya toleo la pili, lile lililoanza kutengenezwa 2007, lenye injini ya cc 1,496. Rangi ni fedha. Yadi ina IST nyingine ya rangi hiyo hiyo na mwaka huo huo, imeegeshwa magari matatu pembeni. Hali hii ni ya kawaida sana Dar es Salaam, na ndiyo chanzo cha kosa la kwanza: muuzaji anauza moja, anaondoa tangazo la nyingine. Sasa iliyouzwa bado inatangazwa, na iliyopo haionekani na mtu yeyote.

Dawa yake ni kila gari kuwa na kitambulisho kimoja kisichogeuka. Namba ya usajili haifai, kwa sababu gari lililotoka bandarini huenda halijapewa namba bado. Rangi na mwaka havifai, tumeshaona. Kinachofaa ni namba ya chasisi, na hapa watengenezaji wa programu hujikwaa. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Amerika au Ulaya yana namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halina 17. Lina alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfuatano: kwa IST yetu itaanza na NCP110, halafu kistari, halafu tarakimu saba. Yadi ikinunua programu iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, kisanduku cha chasisi kinakataa namba hiyo kwa kuwa ni fupi. Kijana wa kuingiza taarifa ana magari kumi na mawili ya kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo anajaza sifuri hadi kisanduku kinyamaze. Mwingine anaruka kistari. Wa tatu anaandika herufi O mahali pa sifuri. Baada ya wiki chache, gari moja lina rekodi mbili, na siku likiuzwa inafungwa rekodi moja tu.

Kwa hiyo kabla hujamwuliza fundi wa tovuti kama ataweka ramani na picha zinazosogea, muulize kama kisanduku cha chasisi kinakubali namba ya Kijapani, na kama kinakataa namba ile ile kuingizwa mara mbili. Juu ya namba hiyo ndefu, yadi huongeza namba yake fupi ya kutamkwa kwenye simu. IST yetu tutaiita K0417. Namba hii iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kiooni, kwenye kishikio cha ufunguo na kwenye tangazo.

Bei sifuri

Mnunuzi anayefungua ukurasa wenye magari sitini hatazami sitini. Anachuja. Anagusa "Toyota", anagusa "IST", anaweka bei isizidi milioni 20, na anataka zibaki chache. Vichujio hivyo haviangalii gari, vinaangalia kilichoandikwa kwenye rekodi. Wauzaji watatu wakiandika "IST", "Toyota ist" na "IST NEW MODEL", kichujio kitaona aina tatu za magari. Ndiyo maana jina la modeli lichaguliwe kwenye orodha iliyopangwa, lisiandikwe kwa mkono. Yale majina ya mtaani, kama Harrier ya "tako la nyani", yawekwe kando kama majina ya kutafutia, kwa sababu wateja huyaandika hivyo hivyo.

Bei ndiyo inayoumiza zaidi. Yadi nyingi hupenda kuandika "piga simu" au "maelewano" mahali pa bei, kwa imani kwamba simu ikipigwa, mteja ameshaingia mtegoni. Kwenye kompyuta, kisanduku cha bei kilichoachwa wazi mara nyingi huhesabiwa kuwa sifuri. Mnunuzi akipanga magari kuanzia bei ya chini, gari la kwanza kabisa kumtokea ni lile Land Cruiser lisilo na bei, likifuatiwa na Alphard isiyo na bei, na IST ya milioni 18 inasukumwa hadi ukurasa wa pili. Au kinyume chake: akiweka kikomo cha juu na cha chini, magari yote ya "piga simu" yanatoweka, na mwenye yadi anashangaa kwa nini Alphard yake haiulizwi. Mimi nisingeruhusu gari lisilo na bei kuingia kwenye orodha. Kama bei haijajulikana, gari lisubiri.

Bei yenyewe nayo ni ya nini? Kwa gari lililoko yadi tayari, mnunuzi anategemea kuwa kodi imeshalipwa na namba ipo. Kwa gari ambalo bado liko melini, bei inaweza kuwa ya kufika bandarini tu, na ushuru unamsubiri. Ukichanganya magari ya aina hizi mbili kwenye kichujio kimoja cha bei, yaliyo melini yataonekana ya bei ya kutupa. Hapo mwaka wa gari nao una uzito wake. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililochakaa: asilimia 15 likiwa na miaka minane hadi kumi, asilimia 30 likizidi kumi. Kenya yenyewe hairuhusu kabisa kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo kichujio kilichoandikwa "mwaka" bila kusema ni mwaka wa kutengenezwa au wa kusajiliwa mara ya kwanza kinaweza kumpotosha mtu kwa fedha nyingi. Kuna magari yaliyotengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja yakasajiliwa mwaka uliofuata, na wauzaji huchagua ule unaolifanya gari kuwa changa. Viwekwe visanduku viwili.

Tanzania kuna kichujio kimoja ambacho programu za nje hazina, nacho ni herufi ya namba. Watu husema "nataka namba D" au "namba E", wakimaanisha herufi ya kwanza kati ya zile tatu za kibao, kwa kuwa inaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini. Gari la namba C lililotunzwa vizuri huuzwa chini ya gari la namba E lililochoka. Unaweza kuuona ni ushamba, lakini kama ndivyo wateja wanavyotafuta, kichujio kiwepo.

Picha zinazosema kitu

K0417 imeoshwa, imepewa rekodi, sasa ipigwe picha. Picha ishirini zinatosha, mradi ziwe zile zile kwa kila gari na kwa mpangilio ule ule: mbele kwa pembeni, ubavu, nyuma, ubavu wa pili, viti, buti, chini ya boneti, tairi zote nne, kisha vibao. Mpangilio wa kudumu una faida ambayo wengi hawaifikirii: picha inayokosekana inaonekana. Kama kila gari lina picha ya ubavu wa kushoto isipokuwa hili, mnunuzi mwenye jicho atauliza ubavu huo umefanyaje.

Picha yenye thamani kuliko zote ni ya dashibodi, nayo ipigwe injini ikiwa inaunguruma. Ukifungua switi tu bila kuwasha, taa zote za tahadhari huwaka na picha haisemi kitu. Injini ikishawaka, taa zilizo salama huzimika, na ile yenye tatizo hubaki. Mshale wa mizunguko ya injini unaonyesha kuwa gari lilikuwa limewashwa kweli, na kilomita zinasomeka hapo hapo. Mnunuzi mjanja huchukua kilomita hizo akazilinganisha na za gari lile lile lilipokuwa Japani, kwa sababu matangazo ya wauzaji wa kule na karatasi za mnada mara nyingi hupatikana kwa namba ya chasisi. Karatasi ya mnada ina alama ya ubora, kilomita na mchoro wa bodi wenye vifupisho vya mikwaruzo na mabonyeo. Gari lililosomeka kilomita 112,000 Yokohama haliwezi kusomeka 68,000 Mwenge.

Simu ya kawaida hutoa picha ya megabaiti tatu, nne au zaidi. Ishirini za namna hiyo ni kama megabaiti 80 kwa gari moja, na mteja anatumia bando. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600, kila moja inakuwa na kilobaiti mia mbili hadi tatu, na seti nzima haizidi megabaiti sita. Kazi hiyo ifanywe na mfumo, isiachiwe muuzaji, kwa sababu muuzaji atazipitisha WhatsApp ili ziwe ndogo na huko kibao cha chasisi hugeuka ukungu.

Picha ziandikwe namba ya yadi na jina la yadi katikati, si pembeni zinakoweza kukatwa. Madalali hubeba picha na kuzipandisha kwenye kurasa zao za Instagram wakiwa wameongeza milioni moja yao. Sina ugomvi na dalali anayeleta mteja. Ugomvi ni kwamba picha ikishatoka nje ya mfumo, hakuna mfumo utakaoishusha. Gari likiuzwa, rekodi moja hufungwa, huku nakala zake zikiendelea kuuza gari ambalo mwenyewe analiendesha Morogoro.

Siku tatu za kushikilia

Sasa aje mnunuzi. Bei ya K0417 ni shilingi milioni 18. Hana zote. Chini ya picha kuna kitufe cha kuomba mkopo, na tovuti inamwonyesha kikokotoo: kianzio cha asilimia 40, riba ya asilimia 2 kwa mwezi, miezi 24.

Hesabu ya kianzio haina utata, ni 7,200,000, na mkopo ni 10,800,000. Utata uko kwenye riba. Kama riba inatozwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata ule uliokwisha kurejeshwa, basi kila mwezi ni 216,000 za riba, na kwa miezi 24 riba inafika 5,184,000. Rejesho la mwezi ni 666,000. Kama riba inatozwa kwa deni lililobaki tu, rejesho ni kama 571,000. Tofauti ni takriban 95,000 kwa mwezi, yaani karibu milioni mbili na laki tatu hadi mkopo unaisha, na matangazo yote mawili yanaweza kuandika "riba asilimia 2" bila kusema uongo. Kikokotoo kisichotaja ni riba ya aina gani kiondolewe. Kinachobaki kiandike pia gharama za bima kubwa, ambayo mkopeshaji hudai kila mwaka, na ada za kuandaa mkopo, hata kama ni kwa kusema tu kwamba hazimo.

Ombi la mkopo lisifike yadi likiwa limeandikwa "nataka mkopo wa gari" pamoja na namba ya simu. Libebe namba K0417, bei iliyoonekana wakati huo, kianzio na muda aliouchagua mteja. Bei ikipanda Jumanne, aliyeomba Jumatatu ana ushahidi wa alichokiona.

Ugumu wenyewe unaanza hapo. Mteja wa fedha taslimu hununua gari mchana mmoja. Mteja wa mkopo anaisubiri benki, na benki inataka taarifa za mshahara, barua ya mwajiri, na mtu wa kukagua gari. Katika siku hizo gari halijauzwa, na halipo huru pia. Tovuti yenye hali mbili tu, "lipo" na "limeuzwa", italazimika kudanganya upande mmoja. Ikiacha "lipo", wataendelea kuja watu kutoka Kibaha na Bagamoyo kuangalia gari lenye mwenyewe. Ikiandika "limeuzwa", na benki ikakataa, gari limepoteza wiki nzima ya kuonekana.

Ndiyo maana inahitajika hali ya tatu, limeshikwa, na hali hiyo iwe na mwisho wake. Tuseme mteja ametoa milioni moja ya kushikia gari Jumatatu saa kumi na moja jioni, na sera ya yadi ni siku tatu. Tangazo linaandika: limeshikwa hadi Alhamisi saa kumi na moja jioni. Gari linabaki kwenye orodha, limesogezwa chini, na kitufe cha kununua kinabadilika kuwa kitufe cha kuacha namba ili upigiwe likiachiwa. Jumatano akija mtu na milioni 18 mkononi, muuzaji anajua la kumwambia, na mwenye zamu yake hajadhulumiwa. Alhamisi ikipita bila jibu la benki, mfumo unalirudisha gari kuwa "lipo" bila kumsubiri mtu akumbuke.

Kuna mitego miwili hapa, na yote miwili ni ya saa. Seva nyingi huhesabu muda wa dunia, ulio nyuma ya wetu kwa saa tatu. Ukiandika mwisho kuwa 17:00 bila kusema ni saa ya wapi, gari litaachiwa saa mbili usiku, yadi ikiwa imefungwa. Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Muuzaji amekubaliana na mteja "saa kumi na moja", anakaa kwenye kompyuta, anaandika 11:00. Gari linaachiwa saa tano asubuhi, mwenye milioni moja yake akiwa bado kwenye foleni ya benki. Kisanduku cha kuandika saa kibadilishwe kiwe cha kuchagua: asubuhi, mchana, jioni ya kufunga.

Kuna pia ugomvi wa wauzaji wawili. Aliye mlangoni anapokea fedha za kushikia gari, aliye kwenye simu anapokea za mtu mwingine kwa njia ya mtandao, wote ndani ya dakika moja. Kama mfumo unasoma kwanza hali ya gari, halafu baada ya muda ndipo unaandika, wote wawili watasoma "lipo" na wote wataandika "limeshikwa". Agizo linatakiwa liwe moja lisilogawanyika: geuza hali kuwa "limeshikwa" ikiwa tu hivi sasa ni "lipo". Wa pili ataambiwa hakuna kilichobadilika, na fedha zirudishwe kabla mteja hajafunga safari.

Benki imekubali. Gari linauzwa. Swali la mwisho la kiufundi ni hili: mfumo unajuaje? Yadi nyingi husema "muuzaji atabonyeza". Muuzaji habonyezi. Ameshapata kamisheni yake, kuna mteja mwingine amesimama, na kubonyeza hakumwongezei kitu. Tendo la kushusha tangazo lifungwe kwenye kitu ambacho lazima kifanyike ili gari litoke getini. Kwa hapa kwetu ni risiti ya EFD. Risiti ya K0417 ikitoka, hali inageuka kuwa "limeuzwa" papo hapo, na idadi iliyoandikwa pembeni ya kichujio cha IST inapungua kwa moja.

Kutoka hapo taarifa inatakiwa iende kwenye tovuti nyingine ambako yadi hutangaza. Njia ya zamani ni kutuma kila usiku faili lenye orodha ya magari yote, na gari lisilokuwemo huhesabiwa limeuzwa. Ni njia rahisi yenye kasoro mbili. Ya kwanza, gari lililouzwa Jumamosi saa nne asubuhi litaendelea kutangazwa Jumamosi nzima, siku yenye simu nyingi kuliko zote, hadi faili la usiku lifike. Ya pili inatisha zaidi: mtandao ukikatika katikati, faili lenye magari 62 linafika na tisa, na mpokeaji anaondoa 53 kwa utiifu kabisa. Kinga yake ni kuweka kikomo. Kama orodha mpya imepungua kwa zaidi ya moja ya tano, mfumo usimame na umtumie msimamizi ujumbe badala ya kufuta. Taarifa za kila mauzo ziende pale pale yanapotokea, na faili la usiku libaki kuwa la kusawazisha.

Hata hivyo mfumo hauoni uwanja. Gari lililohamishiwa tawi la Mbezi, gari lililorudishwa gereji, gari alilolichukua mwenye yadi kwenda nalo msibani Moshi, yote hayo hayatoi risiti. Kila Jumatatu asubuhi mtu asimame mbele ya ubao wa funguo na orodha ya matangazo, alinganishe namba kwa namba. Ufunguo usiokuwa na tangazo ni gari lisiloonekana na mteja. Tangazo lisilokuwa na ufunguo ni ile simu ya Jumamosi.

Kushusha hakumaanishi kufuta ukurasa siku hiyo hiyo. K0417 iondoke mara moja kwenye matokeo ya utafutaji na kwenye vichujio, lakini anwani yake ibaki hai kwa muda, tuseme mwezi mmoja, ikiwa na neno LIMEUZWA juu ya picha na magari matatu yanayofanana chini yake. Sababu ni WhatsApp. Kiungo cha gari kimeshapita kwenye makundi ya ukoo, ya kazini na ya vikoba, na watu watakigusa wiki mbili baadaye. Wakikuta ukurasa wa kosa wataona tovuti ni mbovu. Wakipelekwa kimya kimya hadi ukurasa wa mwanzo watadhani wamekosea, wataanza kutafuta IST ya fedha upya, watakuta ile nyingine na kuamini ni ile ile. Mwezi ukiisha, seva ijibu kwa namba 410, inayoziambia injini za utafutaji kuwa ukurasa umeondolewa moja kwa moja na hautarudi.

Ningeiacha hata bei iliyokuwa imetangazwa, ingawa wenye yadi huipinga vikali kwa hoja kwamba mteja wa kesho ataitumia kubishana. Atabishana tu, na afadhali abishane kwa bei ya kweli. Bei isiyofaa kuachwa ni ile inayojitokeza kwenye kijipicha cha kiungo ndani ya WhatsApp. Kijipicha na maneno yake hukaa kwenye ujumbe kama vilivyokuwa siku ulipotumwa, na ukibadilisha tovuti haviguswi. Kichwa cha kiungo kitaje gari na namba yake, bei aikute ndani.

Kimebaki kitu kimoja ambacho risiti haishushi. Tuseme watu saba waliomba mkopo wa K0417, mmoja akafanikiwa. Sita wameacha namba za simu, namba za NIDA, barua za waajiri na picha za taarifa za mshahara, nyingi zikiwa zimetumwa kwenye simu binafsi ya muuzaji kwa sababu fomu ya tovuti ilikataa faili kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Zote mbili hazitaki taarifa za mtu zikae kuliko zinavyohitajika kwa kazi iliyozileta. Kwa hiyo siku hali ya gari inapogeuka kuwa "limeuzwa", maombi yale sita yapewe tarehe ya kufutwa, na kila mwombaji aulizwe kama anataka yahamishiwe kwenye gari lingine. Fomu ipokee faili za picha bila kugoma, ili muuzaji asiwe na sababu ya kutoa namba yake. Na muuzaji akihamia yadi nyingine, kama wanavyohama kila mara, laini ya simu ya wateja ibaki mezani kwa yadi.